Milioni Tisa na Nusu Zilizopita Bila Kuhesabiwa

Jumamosi iliyopita nilinunua gari la jirani. Ni Toyota IST ya mwaka 2006, rangi ya fedha, yenye mkwaruzo mrefu kwenye mlango wa nyuma ambao Baba Neema aliapa kwamba ulikuja nao kutoka Japani. Tulielewana shilingi 9,500,000. Hela ilihama kutoka akaunti yangu kwenda yake tukiwa tumekaa barazani kwake Tabata, dalali kakaa katikati yetu kama mshenga. Ujumbe wa benki ulipolia kwenye simu ya mwenye gari, dalali alisafisha koo. Baba Neema akaingia ndani, akatoka na bahasha ya 400,000.

"Haya," akasema Baba Neema, ambaye habari za asubuhi redioni hazimpiti, "leo tumelikuza Pato la Taifa."

Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa amekuja kunisindikiza. Siku hizi anafundisha takwimu chuoni, lakini kabla ya hapo alikaa miaka mingi kwenye kazi ya hesabu za taifa, na ugonjwa wa kazi ile haujamtoka. "Mmelikuza kwa laki nne," akasema. "Nyingine hazimo."

"Milioni tisa ziende wapi, shemeji?"

"Zimetoka mfuko huu zimeingia mfuko ule, baba. Gari ni lile lile. Nani katengeneza nini leo hapa, zaidi ya dalali aliyewakutanisha?"

Baba Neema alimtazama dalali, dalali akatazama bahasha. Nami nikaondoka na gari pamoja na swali, na juma zima lililofuata nikawa najikuta kila ninapotoa hela ninajiuliza kama hiyo nayo imo au haimo.

Jina lenyewe linachangia kutuchanganya. "Pato la Taifa" linasikika kama jumla ya fedha zote zinazopita mikononi mwa watu. Si hivyo. Linalopimwa ni thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi katika kipindi fulani, robo mwaka au mwaka mzima. Ndani ya mipaka, ndiyo maana wengine hupendelea kuliita pato la ndani. Katika kipindi, ndiyo maana gari la mwaka 2006 haliwezi kuwa pato la mwaka huu. Na zilizozalishwa: hapo ndipo malipo mengi tunayofanya kila siku hukwama mlangoni.

Gari langu lilikwisha kuhesabiwa. Mwaka lilipotoka kiwandani lilikuwa sehemu ya pato la Japani, na lingehesabiwa tena kila linapobadilisha mwenyewe, lingekuwa linazaliwa upya kila baada ya miaka mitatu. Namna wanatakwimu wanavyolizuia hilo kwenye vitabu ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kaya yangu inaandikiwa matumizi ya 9,500,000. Kaya ya Baba Neema inaandikiwa matumizi hasi ya 9,100,000, yaani kiasi alichobaki nacho baada ya kumlipa dalali. Ukijumlisha kaya hizo mbili, matumizi yameongezeka kwa 400,000 tu. Hiyo ndiyo huduma iliyozaliwa Jumamosi ile: kutafuta mnunuzi, kunionyesha magari mawili mabovu kabla ya hili ili hili lionekane zuri, na kukaa barazani mpaka hela ipite.

Hata ofisi ya serikali ikiuza gari lake chakavu kwa mnada, utaratibu ni huo huo. Uwekezaji wa serikali unapunguzwa kwa kiasi ilichopokea, matumizi ya kaya iliyonunua yanaongezwa, na kinachobaki ni ujira wa dalali wa mnada.

Safari ya kutoka bandarini

Lakini kabla ya kuwa la Baba Neema, gari hili lilishuka melini Dar es Salaam mwaka 2019, na hapo hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Alinionyesha karatasi zake, zimehifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo cha Neema. Kwa kukadiria, gari, nauli ya meli na bima vilimgharimu milioni 6. Wakala wa forodha na gharama za bandarini, 600,000. Kodi, milioni 5.4: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa pamoja na ule unaotozwa gari kwa uzee wake, halafu Kodi ya Ongezeko la Thamani juu ya hayo yote. Jumla milioni 12.

Kwa kaya yake, milioni 12 zote ni matumizi, na zote zinaandikwa. Lakini gari halikutengenezwa Tanzania, wala meli na bima si zetu, kwa hiyo upande wa pili wa daftari zinaondolewa milioni 6 za uagizaji. Mara nyingi mtu anasoma gazetini kwamba uagizaji "unapunguza" Pato la Taifa, anapata picha ya makontena yakimeza uchumi. Kinachoondolewa pale ni kile tu kilichokwisha kuingizwa kwenye matumizi ya kaya bila kuwa zao la nchi. Gari liliingia kwa mlango wa matumizi likatolewa kwa mlango wa uagizaji, na kwenye pato likaacha sifuri.

Zinabaki milioni 6. Kati ya hizo, 600,000 ni kazi iliyofanyika hapa: mtu aliyejaza fomu, mtu aliyeendesha kreni, mlinzi wa yadi. Na zile milioni 5.4? Hapa hata mimi nilibisha, maana kodi si kitu kilichozalishwa. Shemeji alinieleza kwamba pato tunalolisikia redioni hupimwa kwa bei za sokoni, yaani bei anayoilipa mnunuzi wa mwisho, na bei hiyo ina kodi ndani yake. Kwenye majedwali ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu utaona kwanza kilimo, madini, ujenzi, biashara na shughuli nyingine zikiorodheshwa moja moja kwa thamani ilizoongeza, halafu karibu na mwisho unakuja mstari wa kodi kwenye bidhaa, unajumlishwa, ndipo linapatikana Pato la Taifa. Kodi ya gari la Baba Neema imo kwenye mstari huo. Haimo kwenye kilimo, haimo kwenye biashara. Ni sehemu ya bei tu.

Kwa hiyo gari moja kuukuu lilizaa milioni 6 kwenye vitabu vya mwaka 2019, na laki nne Jumamosi iliyopita.

Mitumba inafuata kanuni ile ile, ila kwa mitumba hesabu inakuwa tamu zaidi kwa sababu mikono ni mingi. Koti la sufu linalotoka Ulaya limeshahesabiwa huko lilikoshonwa na kuuzwa likiwa jipya. Likifika kwetu ndani ya belo, forodhani linaingia chini ya namba 6309, kichwa cha nguo zilizovaliwa ambacho dunia nzima inakitumia. Thamani ya belo ni uagizaji. Lakini anayelifungua alfajiri pale Karume akachambua, nguo nzuri upande wake na mbovu upande wake, anayeliosha, anayelipiga pasi, na mchuuzi anayelitembeza begani mpaka Kinondoni, kila mmoja ameongeza kitu. Tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia ni huduma ya biashara, na hiyo inaingia. Fundi cherehani akilipunguza mikono kwa 5,000, hiyo nayo ni kazi ya mwaka huu.

Kuna mtego mmoja hapa ambao wafanyabiashara wenyewe hawaupendi. Tuseme mtu alinunua gari kwa milioni 9 akaliweka uwanjani. Miezi sita baadaye shilingi imeshuka thamani, magari yote yamepanda, naye akaliuza milioni 12. Mfukoni ana faida ya milioni 3. Lakini kama siku aliyouza gari la aina hiyo lingemgharimu milioni 11 kulirudisha uwanjani, basi huduma yake ni milioni 1 tu. Zile 2 nyingine ni bei iliyopanda akiwa amelala. Hesabu za taifa hazitambui kupanda kwa bei kama uzalishaji, iwe ni gari, iwe ni hisa, iwe ni kiwanja Kigamboni. Kiwanja ndiyo kabisa: ardhi haikuzalishwa na mtu, kwa hiyo mauzo yake yote yanapita bila kuhesabiwa, isipokuwa ujira wa dalali, mpima ardhi na wakili.

Jinsi wanavyoziona hizo laki nne za dalali ni jambo jingine. Dalali wangu hana risiti, hana ofisi, na simu yake hupokea akipenda. Hakuna karatasi ya muamala wetu itakayofika kwenye meza ya mwanatakwimu. Kinachofanyika kwa shughuli za namna hii ni kuhesabu watu badala ya hela: utafiti wa nguvu kazi unakadiria wangapi wanafanya kazi hiyo, tafiti nyingine zinakadiria mtu mmoja anaongeza thamani kiasi gani kwa mwaka, viwili hivyo vinazidishwa. Kwa mitumba na magari, wanaanza na takwimu za forodha, wanaweka juu yake kiwango cha faida cha mwaka wa kizio. Kwa Tanzania mwaka huo ulibadilishwa kuwa 2015, na takwimu zake mpya zilitoka mwanzoni mwa 2019. Udhaifu wake unauona: kama wachuuzi wa leo wanabanwa na kuridhika na faida nyembamba kuliko ile ya mwaka wa kizio, jedwali litaendelea kuwapa faida ya zamani mpaka mwaka mwingine wa kizio uje.

Kitumbua na mchele wake

Asubuhi ya Jumapili nililipeleka gari gereji likabadilishwe vitambaa vya breki, na nikiwa nasubiri nikanunua vitumbua vya mama mmoja aliyeweka jiko lake chini ya mwarobaini. Nilimuuliza mambo ya bei zake mpaka akaniuliza kama natoka manispaa. Kilo moja ya mchele ilimtolea vitumbua 45, anauza 200 kimoja. Hiyo ni 9,000. Mchele alinunua dukani 2,700. Sukari, nazi, mafuta, iliki na mkaa, 3,300.

Ukimuuliza mtu wa kawaida mama yule anachangia kiasi gani, atasema 9,000. Kwa kuwa ndiyo aliyouza. Sasa rudi nyuma kwenye mchele. Bei za huko nyuma nazikisia: mkulima aliuza mpunga wa kutosha kilo moja ya mchele kwa 1,600, na tumfanye aliyetumia mbegu yake mwenyewe na jembe, bila mbolea ya dukani. Mwenye mashine alikoboa akauza 2,200. Mwenye duka, 2,700. Mama, 9,000. Mtu akijumlisha mauzo yote anapata 15,500. Lakini mezani pana vitumbua 45 tu vya shilingi 9,000, na hakuna kitu kingine cha kula. Zile 6,500 za ziada zimetoka wapi? Ni mchele ule ule, umehesabiwa kwa mkulima, ukahesabiwa tena ndani ya bei ya mashine, tena ndani ya bei ya duka, na mara ya nne ukiwa ndani ya kitumbua.

Kwa hiyo kila mmoja anapewa alichoongeza tu. Mkulima 1,600. Mashine 600. Duka 500. Mama 3,000, yaani 9,000 toa 2,700 ya mchele toa 3,300 ya vingine. Jumla ni 5,700. Ongeza ile 3,300 ya sukari, nazi na mafuta, ambayo nayo ina mnyororo wake wa wakulima na viwanda, unarudi kwenye 9,000 kamili. Mchele kwa mama yule unaitwa matumizi ya kati: kitu kilichonunuliwa kikaishia ndani ya kitu kingine kinachouzwa. Mamlaka ya mapato inaijua hesabu hii muda mrefu, maana Kodi ya Ongezeko la Thamani imejengwa juu ya wazo hilo hilo. Kila mmoja anakatwa kwa alichoongeza, si kwa alichouza.

Ningeishia hapo ningedhani nimeelewa, kwamba kuna bidhaa za kati na kuna bidhaa za mwisho, kama vile kuna wanyama wa kufugwa na wa mwituni. Kumbe bidhaa yenyewe haina tabia hiyo. Mchele wa 2,700 ningeununua mimi duka lile lile, nikaupika wali nyumbani, ungekuwa matumizi ya mwisho na ungehesabiwa wote. Kinachoamua ni aliyenunua na anachokwenda kukifanya.

Nililiona vizuri zaidi gereji. Fundi alinidai 180,000: vitambaa 120,000, ufundi 60,000. Gari langu ni la nyumbani, la kupeleka watoto shule. Kwa hiyo 180,000 yote ni matumizi ya mwisho ya kaya. Pembeni yangu alikuwa kijana mwenye IST pacha wa yangu, anaifanyia teksi. Vitambaa vile vile, fundi yule yule, bei ile ile. Lakini kwake ni gharama ya kuzalisha huduma ya usafiri, na thamani yake itaonekana tu ndani ya nauli anayowatoza abiria. Ikihesabiwa kivyake na nauli ikahesabiwa pia, breki zitakuwa zimehesabiwa mara mbili. Petroli nayo ni vivyo hivyo. Lita niliyojaza mimi ni matumizi ya mwisho, lita aliyojaza mwenye bajaji kwenye pampu ile ile ni matumizi ya kati.

Gari lenyewe la yule kijana ni jambo la tatu. Linazalisha usafiri kwa miaka, haliishi ndani ya safari moja kama petroli inavyoisha. Kwa hiyo lilipoingia nchini liliandikwa uwekezaji, huku la Baba Neema, pacha wake, likiandikwa matumizi ya kaya. Na mchele ambao hadi Desemba 31 haujauzwa dukani unahesabiwa kwenye mwaka uliovunwa, kama ongezeko la akiba ghalani; ukiuzwa Januari, akiba inapunguzwa, ili mwaka mpya usijisifu kwa mavuno ya mwaka wa jana.

Hela ya mama

Jumatatu nilimtumia mama 50,000 kwa simu. Yupo Lushoto, anakataa kuja mjini kwa sababu maji ya mjini, anasema, yana harufu ya bomba. Hapa nilishakuwa mjuzi na nikajijibu mwenyewe: haimo. Mama hakunipa bidhaa wala huduma kwa hela ile. Ni uhawilishaji, fedha iliyohama bila kitu kurudi. Makato ya kampuni ya simu ndiyo yamo, kwa sababu kufikisha hela Lushoto kwa sekunde mbili ni huduma, na kodi iliyo ndani ya makato hayo inaingia kwenye ule mstari wa chini wa jedwali. Mama akinunua sukari kwa hela yangu, sukari inaingia, kama matumizi yake yeye. Ungeihesabu 50,000 kwangu na sukari kwake, ungekuwa umehesabu sukari pamoja na nia njema.

Ukiishika kanuni hii, sehemu kubwa ya maisha yetu ya pamoja inajipanga yenyewe. Michango ya harusi haimo, hata kamati ikitangaza milioni 15 kwa kipaza sauti. Ukumbi, mshereheshaji na pilau ndivyo vimo. Mahari haimo. Pensheni ya mstaafu haimo, maana kazi aliyoifanya ilihesabiwa alipoifanya. Ruzuku wanayolipwa walengwa wa TASAF haimo kwenye matumizi ya serikali ya kununua bidhaa na huduma, ingawa mishahara ya maofisa wanaoigawa imo. Hela ya binamu aliyepo Muscat mwaka wa sita sasa haimo: mshahara wake ni pato la Oman, na anachotuma kinaonekana kwenye hesabu nyingine, ile ya kipato ambacho nchi inaweza kukitumia. Kuna familia za Unguja zinazoishi zaidi kwa hesabu hiyo nyingine kuliko hii.

Kutokulielewa hili ndiko kunakozaa kichwa cha habari kinachorudi kila mwaka, hasa Kenya, kwamba sehemu kubwa ya Pato la Taifa "inapita" kwenye simu. Mwaka 2021 fedha zilizowekwa na kutolewa kwa mawakala wa simu nchini Kenya zilikaribia shilingi trilioni 6.9 za Kenya, na pato la mwaka ule lilikuwa trilioni 12 hivi. Kugawanya moja kwa nyingine si kosa, ni namna ya kuonyesha ukubwa. Kosa ni kusoma jibu kama kwamba zaidi ya nusu ya uchumi ni wakala wa kijani. Elfu moja ile ile inawekwa asubuhi, inatumwa, inatolewa Kisumu, inawekwa tena jioni. Mtu akikupa asilimia ya namna hiyo, muulize kama ingewezekana izidi mia moja. Kwa miamala inawezekana kabisa. Kwa sehemu ya kitu kizima haiwezekani.

Alhamisi ukaja mzigo kutoka Lushoto. Mama alikuwa amejibu 50,000 kwa njia yake: debe la maharage ya shambani kwake, limefungwa kwa kitenge cha zamani, limekuja na basi. Nauli ya mzigo 5,000, nimelipa mimi stendi. Shemeji alikuwepo nyumbani siku hiyo, na mimi kwa kujiamini nikasema maharage haya hayamo, ni zawadi, hakuna aliyelipa.

Alicheka. Nauli imo, hilo nililijua. Lakini maharage nayo yamo, na yangekuwamo hata mama angeyala yote mwenyewe. Kutumwa kwake ndiko hakuhesabiki, kwa kuwa ni zawadi. Kulimwa kunahesabiwa, pesa isipite mkono wa mtu yeyote, kwa sababu ni bidhaa iliyozalishwa mwaka huu ndani ya mipaka ya Tanzania. Nilishangaa: 50,000 niliyoituma kwa simu, yenye ujumbe na namba ya muamala, haimo, maharage yasiyo na risiti yamo.

Mvutano wa kuhesabu kisichouzwa ni wa zamani kuliko Uhuru. Miaka ya 1940 mwanauchumi Mwingereza Phyllis Deane alitumwa kujaribu mfumo mpya wa hesabu za taifa kwenye makoloni, akaenda mpaka vijijini Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, Zambia na Malawi za leo. Mfumo ule ulibuniwa kwa nchi ambayo karibu kila kitu kinauzwa. Kule alikuta watu wanaokula walichokilima, wanaochoma kuni walizookota na kunywa pombe waliyopika. Kuviacha nje kungeandika kwamba vijiji vizima havizalishi karibu kitu. Peacock na Dosser walipochapisha mwaka 1958 kitabu cha pato la Tanganyika la miaka ya 1952 hadi 1954, nao walilazimika kukadiria chakula ambacho mkulima alikila bila kukipeleka sokoni. Leo kanuni za Umoja wa Mataifa ziko wazi: bidhaa unazozalisha kwa matumizi yako zinahesabiwa, hata kuni na maji ya kuteka, nchi ikiona ni kiasi kikubwa.

"Kwa bei gani sasa?" nikauliza. "Debe hili hapa Tabata ni hela nyingi."

"Kwa bei ya Lushoto, shambani kwa mama," akasema. "Mpaka Tabata umeongeza nauli, na nauli tumeshaihesabu."

Mke wangu alikuwa anayachambua maharage yale kwenye ungo, anatoa mawe. Alikuwa ametega sikio muda wote. "Na kupika?" akauliza. "Kupika kumo?"

Shemeji alisita kidogo. Mama ntilie akiyapika, akaeleza, kumo. Dada wa kazi akiyapika, mshahara wake umo. Lakini mtu akiipikia kaya yake mwenyewe bila malipo, hiyo ni huduma kwa matumizi ya nyumbani, na huduma za namna hiyo zimeachwa nje. Mkaa umo, maharage yamo, nazi imo. Mpishi hayumo.

Mke wangu aliuweka ungo juu ya meza, mbele yangu.